LVM wakati wa kusakinisha Linux: usiigawe diski yote siku ya kwanza

*"Laptopu yangu ina SSD ya GB 512. Nilipoweka Debian mara ya kwanza nilitenga GB 30 kwa `/` na zilizobaki zote nikazipa `/home`. Sasa `/` imejaa, `apt` inagoma kila siku, na huku `/home` ina zaidi ya GB 300 ambazo sizitumii. Nimeshahifadhi mafaili yangu pembeni, nataka kuisakinisha upya kwa LVM. Nigawanye vipi? Rafiki yangu anasema nichague njia ya otomatiki nikiachie kisakinishi kila kitu, kwamba LVM unaongeza na kupunguza utakavyo, saa yoyote, bila hatari. Mwingine anasema LVM inapunguza kasi ya diski. Nimsikilize nani?"*

Kwa habari ya kasi, wa pili hana hoja. Rafiki yako wa kwanza yuko sahihi nusu, na ile nusu asiyoijua ndiyo itakayokurudisha hapa baada ya mwaka. Kuongeza ukubwa katika LVM ni kazi ya sekunde chache, kompyuta ikiwa imewaka na wewe unaendelea na shughuli zako. Kupunguza ni kazi nyingine kabisa: inahitaji kuzima huduma, ina mpangilio usiosamehe, na kwa baadhi ya mifumo ya faili haiwezekani. Kwa hiyo faida ya LVM utaipata ukianza na volyumu ndogo na kuacha nafasi kubwa ambayo haijapewa mtu. Ukiruhusu kisakinishi kigawe kila gigabaiti siku ya kwanza, utakuwa na LVM kwa jina tu, na shida yako itabaki ileile.

Tuanze na kinachokukwamisha sasa. Patisheni ya kawaida ni namba mbili tu kwenye jedwali lililo mwanzoni mwa diski: inaanzia sekta hii, inaishia sekta ile. Hakuna namna ya kuiambia "na pia chukua kipande kile cha kule mwisho". Patisheni yako ya `/` inaishia pale pale `/home` inapoanza. Ili ikue, lazima mwanzo wa `/home` usogezwe mbele, na kwa kuwa mfumo wa faili huhesabu kila kitu kuanzia mwanzo wake, kusogeza mwanzo ni kuhamisha data yote iliyomo, baiti kwa baiti. Kazi hiyo inachukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati unabaki na nusu ya data hapa na nusu kule. Hizo GB 300 zipo kweli, ila zimekaa upande usiofaa wa ukuta.

LVM huuondoa ukuta huo kwa kuweka jedwali la pili kati ya diski na mfumo wa faili. Unachukua patisheni moja kubwa na kuikabidhi kwa LVM. Hapo inaitwa PV. PV moja au zaidi huunda kundi linaloitwa VG, ambalo unaweza kulifikiria kama ghala. Ghala hilo limekatwa vipande vya ukubwa sawa, kila kimoja MiB 4 usipobadilisha kitu. Kisha unatengeneza volyumu, yaani LV, na kila LV ni orodha tu ya vipande: kipande changu cha kwanza kiko namba hii, cha pili namba hii. Mfumo wa faili ulioko juu unaona diski moja iliyonyooka. Hauna habari kwamba vipande vyake vimetoka pande mbili tofauti za SSD. Volyumu ikitaka kukua, LVM inaongeza vipande vipya mwishoni mwa orodha, hata kama kwenye diski vipo mbali, na hakuna data iliyokuwepo inayoguswa.

Hapo ndipo hoja ya kasi inapoishia. Kila usomaji unapitia orodha hiyo, ni kweli, lakini orodha iko ndani ya kumbukumbu ya keneli na ina mistari michache tu. Kwa kazi ya laptopu hutaona tofauti.

Sasa ugawaji wenyewe. Diski inayouzwa kama GB 512 huonekana kwa programu za Linux kama GiB 476.9, kwa sababu muuzaji anahesabu kwa elfu na LVM inahesabu kwa 1024. Liweke hilo akilini, maana baadhi ya visakinishi, cha Debian kikiwemo, huhesabu kama muuzaji: unaandika GB 30, kisha baada ya kusakinisha `lvs` inakuonyesha 27.94g. Hujaibiwa kitu.

Vitu viwili vinabaki nje ya LVM. Cha kwanza ni patisheni ya EFI, ambayo lazima iwe ya mfumo wa FAT na ionekane na programu ya kuwashia ya ubao mama, ambayo haijui LVM ni nini. MB 512 zinatosha. Cha pili ni `/boot`. GRUB ya leo inaweza kusoma LVM, kwa hiyo kuiweka `/boot` ndani si kosa, ila kuiacha nje kunarahisisha uokoaji siku mambo yakiharibika, na ukitaka kusimba diski kwa nywila njia ya otomatiki ya Debian nayo huiacha nje. Ipe GB 1. Usibane hapa. Hivi viwili ndivyo havitapata msaada wa LVM baadaye, na `/boot` ndogo ikijaa makeneli ya zamani itakurudisha kwenye shida ya kuhamisha mianzo ya patisheni, ileile unayoikimbia.

Kinachobaki, takriban GiB 475.4, kiwe PV moja ndani ya kundi moja. Ndani yake nakushauri volyumu tatu: `root` ya GiB 30, `home` ya GiB 120, na `swap` ya GiB 8. Jumla ni GiB 158. Zilizobaki, kama GiB 317, ziache bila kazi yoyote. Najua inauma kuona theluthi mbili za diski zimekaa bure, lakini hazijapotea. Ni akiba ambayo yeyote kati ya watatu hawa anaweza kuichota kwa amri moja. Huenda ukashangaa kuona nimeipa `root` GiB 30 zilezile zilizokushinda. Ni kwa makusudi: hujui bado kama safari hii kitakachojaa ni programu, makontena chini ya `/var`, au picha zako nyumbani, na kwa LVM huna sababu ya kubahatisha.

Kwenye kisakinishi cha Debian, ukifika hatua ya kugawa diski una njia mbili. Ya haraka ni `Guided - use entire disk and set up LVM`. Inafuta diski nzima, kisha baada ya maswali kadhaa inauliza utumie kiasi gani cha kundi kwa ugawaji huo. Kisanduku kinakuja kimeshajazwa ukubwa wote, na karibu kila mtu anabonyeza kuendelea bila kusoma. Hapo ndipo ushauri wa "kiachie kisakinishi" unapokuponza. Futa namba hiyo uandike ndogo, mathalani `160 GB`. Kisakinishi kitagawa hizo tu na kuacha zilizobaki wazi. Udhaifu wa njia hii ni kwamba uwiano kati ya `root` na `home` kinauamua chenyewe.

Ya pili ni `Manual`, na kwa kuwa una mgawanyo kamili kichwani ndiyo ninayoipendelea kwako. Tengeneza patisheni ya EFI, kisha ya `/boot` kwa ext4, kisha chukua nafasi yote iliyobaki utengeneze patisheni ya tatu. Kwenye `Use as` ya hiyo ya tatu chagua `physical volume for LVM`. Ukishamaliza, juu ya orodha kutakuwa na `Configure the Logical Volume Manager`. Ukiingia, kisakinishi kitaomba ruhusa ya kuandika mabadiliko kwenye diski hapo hapo. Elewa kwamba ukikubali, patisheni za zamani zimekwenda, hata kama hujafika mwisho wa usakinishaji. Chagua `Create volume group`, liite `vg0`, na uweke alama kwenye patisheni ya tatu peke yake. Kisha `Create logical volume` mara tatu. Hapa pia sehemu ya ukubwa huja na nafasi yote iliyobaki ndani ya kundi, kwa hiyo futa uandike yako kila mara. Maliza kwa `Finish`.

Wengi hudhani wamemaliza wanaporudi kwenye orodha kuu. Bado. Volyumu zako sasa zinaonekana juu ya orodha kana kwamba kila moja ni diski ndogo, lakini hazijapewa kazi. Ingia kwenye kila moja: `root` iwe ext4 yenye sehemu ya kupachika `/`, `home` iwe ext4 kwenye `/home`, na `swap` iwe `swap area`. Ukisahau, kisakinishi kitalalamika kwamba hakuna mfumo wa faili wa mzizi. Kikilalamika hivyo, usianze upya. Rudi tu ukaweke.

Kuhusu mfumo wa faili, chagua ext4 wala usiwaze sana. XFS ni imara na hukua vizuri, ila katika matumizi ya kawaida haipungui. Ukiweka XFS kwenye `home` na siku moja ukataka kurudisha GiB 40 ghalani, njia iliyobaki ni kunakili kila kitu pembeni, kufuta volyumu, na kuitengeneza upya ikiwa ndogo. Red Hat na jamaa zake huweka XFS usipowaambia vinginevyo, kwa hiyo mtu anayetoka huko huwa na mazoea tofauti na haya.

Ukishawasha mfumo mpya, kitu cha kwanza kuangalia ni hiki:

```
sudo vgs
sudo lvs
```

Kwenye `vgs` tazama safu ya `VFree`. Kwa mgawanyo wetu inapaswa kuwa karibu na 317g, au kama 328g ikiwa ukubwa uliuandika kwa GB na si GiB. Ikiwa ni 0, umepitiwa mahali, na wakati wa kurekebisha ni sasa hivi, `home` ikiwa tupu na huna cha kupoteza.

(Anayetumia Ubuntu Server hukutana na kioja cha kinyume. Kisakinishi chake chenyewe huacha nafasi: kundi likizidi GiB 200, volyumu ya mzizi hupewa GiB 100 tu. Mtu anaona `df` inasema kama GB 98 kwenye diski ya GB 500 na kudhani diski ni mbovu. Nafasi iko palepale, ndani ya `ubuntu-vg`, inangoja kuombwa.)

Tuseme miezi minane imepita, umesakinisha programu nzito, na `df -h /` inasema imetumika asilimia 88. Unataka GiB 20 zaidi. Huhitaji kuzima chochote:

```
sudo lvextend -r -L +20G /dev/vg0/root
```

Herufi mbili hapa zina uzito. Alama ya `+` inamaanisha "ongeza 20". Bila hiyo unasema "iwe 20", ambayo ni ndogo kuliko 30 iliyopo, na `lvextend` itakukatalia kwa kusema ukubwa mpya hauzidi wa sasa. Hapo angalau unakataliwa. Ukitumia `lvresize` badala yake, nayo hukubali pande zote mbili, kosa la kusahau `+` linageuka kuwa kupunguza. Kwa hiyo jizoeze kutumia `lvextend` unapoongeza.

Herufi ya pili ni `-r`. Kukuza volyumu na kukuza mfumo wa faili ulio ndani yake ni mambo mawili. Bila `-r` umepanua chumba lakini zulia limebaki lilelile: `lvs` itasema GiB 50 na `df` itaendelea kusema 30. Ni kosa lisilo na madhara, na tiba yake kwa ext4 ni `sudo resize2fs /dev/vg0/root`, ambayo hufanya kazi hata volyumu ikiwa imepachikwa. Ikiwa ni XFS, amri ni `xfs_growfs` na unaipa sehemu ya kupachika, yaani `/`.

Ukitaka kuona kilichotokea kwa macho yako, uliza vipande viko wapi:

```
sudo lvs --segments -o lv_name,seg_size,seg_pe_ranges vg0

  LV   SSize   PE Ranges
  home 120.00g /dev/nvme0n1p3:7680-38399
  root  30.00g /dev/nvme0n1p3:0-7679
  root  20.00g /dev/nvme0n1p3:40448-45567
  swap   8.00g /dev/nvme0n1p3:38400-40447
```

`root` sasa ina mistari miwili. GiB 30 za mwanzo ni vipande 7,680 vya MiB 4, kuanzia 0 hadi 7679, na havikuguswa. GiB 20 mpya ni vipande 5,120 vilivyochukuliwa baada ya `swap`, kwa kuruka juu ya `home` yote. Ndiyo kazi ambayo jedwali la patisheni lisingeweza kukufanyia.

Usingoje hadi ijae kabisa, na sababu yake ni ya kiufundi. Kabla ya kubadilisha chochote, LVM huandika nakala ya ramani yake ndani ya `/etc/lvm/archive`, na folda hiyo iko kwenye `/`. Ikiwa `/` haina hata nafasi ya faili dogo, `lvextend` yenyewe inaweza kushindwa kwa `No space left on device`. Ukijikuta hapo, `sudo apt clean` kwa kawaida hufungua nafasi ya kutosha kupumua. Ikishindikana, ongeza `-A n` kwenye `lvextend` ili isiandike nakala hiyo kwa mara hiyo moja.

Sasa upande mgumu. Tuseme uligundua `home` hutumii hata GiB 40 na unataka kuipunguza kutoka 120 hadi 80. Data ya ext4 haikai mwanzoni tu. Imetawanyika hadi mwishoni mwa volyumu. Ni lazima kwanza mfumo wa faili uhamishe kilicho kwenye zile GiB 40 za mwisho na ujitangaze kuwa mdogo, ndipo volyumu ikatwe. Ukikata kwanza, unakata mfumo wa faili ukiwa hai. Tena ext4 haipungui ikiwa imepachikwa, na `/home` karibu kila mara kuna mtu anaitumia, angalau wewe. Njia tulivu ni kuwasha kompyuta kwa flashi ya Linux ya kujaribia, na kama amri za LVM hazimo, sakinisha `lvm2` ndani yake. Kisha:

```
sudo vgchange -ay vg0
sudo e2fsck -f /dev/vg0/home
sudo lvreduce -r -L 80G /dev/vg0/home
```

`-r` hapa si ya hiari kama ilivyokuwa kwenye kukuza. Ndiyo inayohakikisha mfumo wa faili unapungua kabla ya volyumu. Matoleo mapya ya LVM hukagua na kukataa ukiisahau, lakini ya zamani yatakuonya kwa mstari mmoja, yatauliza `y/n`, na ukijibu `y` yanakata. Nakala ya data nje ya diski hii iwepo kabla hujaanza, kwa sababu umeme ukizima katikati ya `resize2fs` inayopunguza, hakuna amri ya kurudisha nyuma.

Ukishakata vibaya, utajua hivi: `home` haipachikiki, na `e2fsck` inasema ukubwa wa mfumo wa faili kwa mujibu wa `superblock` ni mkubwa kuliko ukubwa halisi wa kifaa, kisha inauliza `Abort<y>?`. Jibu `y`, uache. Usiiache iendelee kurekebisha na usiendeshe `e2fsck -y`, kwa sababu hapo itaanza kufuta marejeo ya kila kilichokuwa sehemu iliyokatwa, na hicho ndicho bado unaweza kukiokoa. Kukata volyumu hakufuti data. Kunabadilisha ramani tu. Vipande vilivyoachwa bado vina kilichokuwemo, mradi hakuna volyumu nyingine iliyovichukua na mradi `issue_discards` kwenye `lvm.conf` iko 0, kama inavyokuja. Na ile nakala ya ramani ndani ya `/etc/lvm/archive`, iliyotuudhi pale juu, hapa ndiyo mkombozi. `sudo vgcfgrestore --list vg0` inaziorodhesha, na kila moja imeandikwa iliundwa kabla ya amri gani. Unatafuta ile ya kabla ya `lvreduce` yako, unaizima volyumu kwa `lvchange -an`, unairudisha ramani hiyo kwa `vgcfgrestore -f`, unaiwasha tena, kisha ndipo unaendesha `e2fsck -f`. Kumbuka kwamba nakala hukaa kwenye mfumo ulioendesha `lvreduce`: ukiwa uliiendesha kutoka kwenye flashi, iko ndani ya `/etc/lvm/archive` ya flashi yenyewe na kwa kawaida hupotea ukizima, kwa hiyo usizime kabla ya kuinakili pembeni; ukiwa uliiendesha kwenye mfumo uliosakinishwa na sasa uko kwenye flashi, iko ndani ya `root` ya diski yako, kwa hiyo pachika `root` kwanza, nakili faili hilo kwenye flashi, na uiondoe `root` tena kabla ya kurudisha.

Jambo la mwisho ambalo hukuuliza, ila njia hii hukaribisha watu kulifanya. Ukiongeza SSD ya pili, LVM itakuruhusu kuiingiza kwenye `vg0` kwa `pvcreate` na `vgextend`, kisha `home` inaweza kukua ikavuka diski zote mbili. Ni rahisi sana, na ndiyo maana ni mtego. LVM ya kawaida haiweki nakala ya pili ya chochote. Volyumu iliyolala juu ya diski mbili hufa ikifa yoyote kati ya hizo, kwa hiyo umeongeza nafasi na kuongeza uwezekano wa kupoteza yote kwa pamoja. Ya pili iwe kundi lake yenyewe, `vg1`, isipokuwa unataka kuhama: katika kuhama, ukishaiingiza unatumia `pvmove` kusogeza vipande vyote kutoka diski ya zamani, kompyuta ikiendelea kutumika, kisha unaitoa ya zamani kwa `vgreduce`. Diski ya nje ya USB usiiingize kamwe kwenye kundi lenye `root`. Siku mtu akichomoa waya, mfumo wako umepoteza nusu ya sakafu.

Kazi hii ya kusakinisha unaiweza mwenyewe, hasa kwa kuwa data yako iko pembeni. Mtafute mtu wa kukaa naye mbele ya mashine ikiwa `sudo dmesg` inaonyesha `I/O error` kwa diski hiyo, kwa sababu hapo tatizo ni la kifaa na kila jaribio la kubadilisha ukubwa linaisukuma diski inayokufa. Ikiwa volyumu iliyokatwa ina data isiyo na nakala kokote, nakili pembeni nakala ya ramani iliyo kwenye flashi kama uliitumia, kisha zima kompyuta na umwombe fundi aichukue picha kamili ya diski kabla ya mtu yeyote kugusa `vgcfgrestore`. Na ikiwa ulichagua kusimba diski, kupunguza PV yenyewe kunakuwa na tabaka moja zaidi katikati, ambalo nalo lazima lipunguzwe kwa zamu yake. Kukuza na kupunguza volyumu ndani ya kundi hakubadiliki, lakini ukitaka kuipunguza patisheni ya tatu, usifanye hivyo peke yako kwa mara ya kwanza.